Kahawa ya mkono kwa wageni arobaini: shajara ya uani kwa babu

Jumamosi, 3 Agosti 2024: Kununua buni

Nyumbani kwa babu, Ngamiani hapa Tanga, maulidi husomwa kila mwaka katika Mfungo Sita. Mwaka huu yamepangwa Jumamosi ya tarehe 21 Septemba na wageni watakuwa kama arobaini. Kahawa ya siku hiyo ilikuwa kazi ya babu peke yake. Ujanani aliuza kahawa kwa miguu, dele mkono mmoja na vikombe mkono wa pili akivigonganisha ili watu wasikie kuwa anapita. Sasa macho yake yameingia ukungu. Mtu anamtambua kwa sauti, na rangi za vitu vidogo hazipati tena. Mwaka jana tukanunua kahawa ya unga dukani. Babu alikunywa kikombe kimoja, akakiweka chini, hakuomba cha pili.

Mwezi uliopita aliniita: "Mke wangu, mwaka huu kahawa utakaanga wewe. Mimi nitakaa karibu." Bibi aliyekuwa anachambua mchele akasema, "Haya mke mwenzangu, umepewa mzigo." Naandika kila hatua hapa ili wadogo zangu, na yeyote anayetaka kukaanga kahawa nyumbani kwa mkaa, apate pa kuanzia.

Leo nimekwenda sokoni na kosa la kwanza nimelifanya kabla ya kuwasha moto. Nimenunua kilo moja ya buni ya Usambara kwa shilingi 9,000, nikafurahi kuwa nimepata kwa bei nafuu. Babu alitia mkono mfukoni, akachota punje chache, akazitikisa kiganjani karibu na sikio. Zilichakarika. "Hii bado imevaa nguo," akasema. Maana yake ilikuwa bado na lile gozi jembamba, gumu, la rangi ya majani makavu, linalobaki baada ya tunda kumenywa na punje kuanikwa. Buni iliyo tayari kukaangwa ni ya kijani kilichopauka, nzito kidogo, na ukiitikisa mkononi inagongana kama kokoto. Haichakariki.

Tuliitia kwenye kinu kidogokidogo, nikaitwanga kwa mchi mwepesi bila kushindilia, gozi lipasuke na punje isivunjike. Halafu nikaipepeta kwa ungo. Kilo ile ilitoka gramu 800. Kwa hiyo nilichodhani ni shilingi 9,000 kwa kilo kilikuwa zaidi ya 11,000, pamoja na saa nzima ya kutwanga. Anayenunua sokoni aitikise kwanza.

Baadaye nilichambua. Punje zilizovunjika, nyeusi, na zenye vitundu vya wadudu nimezitoa. Nilikuwa nataka kuziacha zile zilizovunjika kwa sababu kahawa ni kahawa, lakini babu alikataa: kipande kidogo kinaungua wakati punje nzima ndiyo kwanza inapata joto, na mkaa wa kipande kimoja unaonjeka katika dele zima.

Jumapili, 4 Agosti: Kaango la kwanza, limeungua

Nilitumia robo kilo ya buni, jiko la mkaa, sufuria ya bati na mwiko. Babu alikaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka jikoni, upande ambao upepo unatoka, ili moshi usimfikie.

Moto niliuacha uwake vizuri hadi makaa yote yakawa mekundu, nikaweka sufuria, nikamimina buni na kuanza kukoroga. Dakika ya nne tayari punje nyingi zilikuwa za kahawia. Nikafurahi. Dakika ya sita zilikuwa nyeusi na moshi ulikuwa mkali wa kuwasha macho. Nikaepua.

Babu aliomba punje moja akaivunja kwa meno. Akanipa nusu yake nitazame. Nje ilikuwa nyeusi kama mkaa, ndani ilikuwa bado ya manjano iliyopauka, na katikati ngumu. Punje kadhaa zilikuwa na doa jeusi la duara upande mmoja, upande uliolala juu ya bati.

Sababu zilikuwa mbili. Moto ulikuwa mkubwa mno mwanzoni, kwa hiyo ngozi ya punje iliungua kabla joto halijafika kati. Na sufuria ya bati ni nyembamba: palipo na kaa chini yake panakuwa moto kupita kiasi, pembeni pamepoa, hata ukikoroga kwa bidii. Bibi alinipa kikaango chake kizito cha chuma, kile cha zamani. Chungu cha udongo kipana kingefaa vilevile, ila cha babu kimepasuka.

Niliitupa robo kilo yote. Nilitaka kuitwanga nijaribu, babu akanizuia. Kahawa iliyoungua nje na mbichi ndani ina uchungu wa majivu na uchachu wa nafaka mbichi kwa pamoja, na hakuna iliki inayoweza kuuficha.

Jumamosi, 10 Agosti: Kaango la pili, limeiva bila ladha

Baada ya kuunguza la kwanza niliogopa moto. Kikaango cha chuma safari hii, makaa machache, nusu yake yamefunikwa na majivu. Nilikoroga polepole. Dakika ya kumi buni ilikuwa bado ya manjano. Dakika ya ishirini ikawa kahawia hafifu. Dakika ya thelathini na mbili ilikuwa na rangi ileile niliyoikusudia, sawa punje kwa punje, haina doa hata moja. Nikaona nimeweza.

Babu alinusa sinia akanyamaza. Halafu akauliza: "Ilialika?"

Sikujua anauliza nini. Hapo ndipo nilipopata neno la kazi hii. Punje ya buni ikishika joto la kutosha, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke, yanasukuma, na punje inapasuka kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo kualika. Yangu haikualika. Joto lilikuwa dogo hata likawa linaikausha tu, unyevu ukatoka taratibu bila kusukuma chochote, na rangi ikaja kwa kukauka.

Niliitwanga kiasi na kuichemsha ili nijue. Ladha yake ilikuwa kama maji ya mkate uliokauka: haina uchungu, haina harufu, na haichachuki. Mtu angeweza kuinywa na asijue amekunywa nini. Kwangu hili ni kosa la hatari kuliko la kuunguza, kwa sababu linaonekana zuri. Kahawa iliyoungua utaitupa mwenyewe. Hii ungewapa wageni.

Jumamosi, 17 Agosti: Kufumba macho

Leo babu hakuniruhusu kutazama. Siyo wakati wote, lakini kila aliposema "fumba," nilifumba, mkono ukiendelea kukoroga. Alisema, "Mimi sioni rangi, na wewe rangi imekudanganya mara mbili. Tumia nilichobakiwa nacho."

Tulianza na moto wa kati: makaa mekundu, yaliyotandazwa sawasawa, yasiyotoa ulimi. Kikaango kiliwekwa tupu kama dakika tatu. Kipimo cha babu ni kunyunyiza matone mawili ya maji, na yakikimbia na kukauka mara moja kikaango kiko tayari. Nilimimina robo kilo, na kuanzia hapo mwiko haukusimama. Naandika hatua kama nilivyozipata kwa pua na sikio, dakika nikiziweka pembeni tu, kwa sababu moto wa mkaa haulingani siku kwa siku.

Kwanza ilitoka harufu ya majani mabichi yaliyolowa, kama baada ya mvua. Hiyo ni buni inatoa unyevu. Kama dakika ya tano harufu iligeuka kuwa ya mahindi yanayochomwa, na hapo punje ni za manjano. Ngozi nyembamba kama karatasi ilianza kuambuka. Babu alinitahadharisha na makapi haya: yakirundikana kikaangoni yanashika moto na kutia harufu ya moshi, kwa hiyo mara mbili nilikiinua kikaango nikarusha buni kidogo na kupuliza.

Kama dakika ya nane harufu ikawa ya mkate ulioiva. Babu aliinua kidole. "Fumba. Sikiliza sasa."

Dakika ya kumi na moja nilisikia moja. Kavu, wazi, kama njiti ya kibiriti inayovunjwa. Ikafuata nyingine, halafu nyingi pamoja, kama bisi zinazoanza. Punje zikaanza kuvimba na mwiko ukawa mwepesi mkononi, kwa sababu zilikuwa zimekuwa kubwa na nyepesi. Babu alicheka peke yake. "Buni ikialika, ndipo na wewe ualike."

Hapo mtu angeweza kuepua na akapata kahawa nyepesi yenye uchachu. Kwa kahawa chungu ya hapa pwani, inayonywewa kwa kikombe kidogo pamoja na kashata au halua, bado. Mlio wa kwanza ulipoisha kilikuja kimya cha kama dakika mbili. Babu alikiita kimya cha kujiandaa. Katika kimya hicho nilipunguza moto kwa kutoa makaa mawili, kwa sababu punje sasa zenyewe zinazaa joto na zinakimbia kuliko unavyodhani.

Kisha ukaja mlio wa pili. Huu ni mwembamba, wa harakaharaka, hauvunjiki kama njiti. Kwangu ulifanana na nyasi kavu zinazokanyagwa. Ukiusikia mara tano au sita, epua. Hesabu hiyo ni ya babu: "Usingoje wa kumi." Niliepua nikamimina kwenye sinia na babu akasema kwa ukali, "Upepo! Upepo!" Nilisimama nikidhani kazi imekwisha, kumbe punje zilikuwa bado zinaalika siniani. Joto lililo ndani yake linaendelea kuzikaanga. Nilizitandaza, nikazipepea kwa kipepeo huku nikizigeuza kwa mkono mpaka zikashikika, kama dakika nne.

Nilipofumbua macho vizuri zilikuwa za kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, na punje chache zilikuwa na tone la mafuta linalong'aa. Gramu 250 zilitoka 204. Upungufu huo ni wa kawaida kwa kahawa iliyokolea: karibu moja ya tano ya uzito inaondoka kwa unyevu, makapi na hewa. Nimeuandika kwa sababu unafaa kama mizani ya pili. Lile kaango la pili, lisiloalika, lilitoka gramu 221.

Jumamosi, 24 Agosti: Kinu kimekumbuka kitunguu

Wiki hii ilikuwa ya kutwanga ile ya tarehe 17, na nimeipoteza yote gramu 204.

Kutwanga kwenyewe kulinishinda mara ya kwanza. Nilijaza kinu nusu nikatwanga kwa nguvu. Za chini zikawa unga kama poda, za juu zikaruka nje au kubaki nusunusu. Babu alinipunguzia: konzi mbili kwa mara moja, basi. Mchi unashuka wima mapigo thelathini hivi bila kutumia nguvu za bega, uzito wa mchi wenyewe unatosha. Punje zikishavunjika unaacha kupiga na kuanza kuzungusha ncha ya mchi ukisugua ukutani mwa kinu. Kuvunja ni kwa kupiga, kulainisha ni kwa kusugua.

Kila konzi mbili nilizichekecha. Chekeche la unga wa kawaida nililonunua kwa shilingi 4,000 lilitosha. Kilichobaki juu kinarudi kinuni pamoja na konzi zinazofuata. Kipimo cha babu ni vidole: chukua kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, sugua. Ikiteleza kama poda ya mtoto, imezidi, itaelea kikombeni na haitatua. Ikichoma kama chumvi ya mawe, bado, itatoa maji mepesi. Inayofaa ni kama mchanga laini wa ufukweni, ule unaoshikamana na miguu. Robo kilo ilinichukua dakika arobaini. Babu anasema zitashuka hadi ishirini na tano.

Ila nilipoinusa ile kahawa, nyuma ya harufu yake palikuwa na kitunguu saumu. Kinu nilichotumia ndicho ambacho bibi hutwangia viungo vya pilau. Nilikuwa nimekiosha kwa maji na sabuni, kikakauka juani, nikaridhika. Mti unanyonya. Kahawa iliyokaangwa karibuni ina mafuta, na mafuta yanavuta kila harufu iliyojificha kwenye nyufa za kinu. Nilichemsha kikombe kimoja, na kitunguu kikatokea wazi zaidi kwa mvuke.

Bibi alikitengeneza kinu. Tulitia konzi tatu za mchele mkavu mbichi, nikautwanga mpaka ukawa unga, tukaumwaga. Mara ya pili hivyohivyo, mara ya tatu kwa chumvi ya mawe. Kisha kinu kikakaa juani siku tatu mdomo juu, bila maji. Unga wa mara ya kwanza ulinuka kitunguu kabisa, wa tatu haukunuka. Bibi ametoa hukumu: kinu hiki sasa ni cha kahawa, viungo vitatwangwa kwenye kile kidogo cha jiwe.

Buni niliyonunua mwanzo imebaki gramu 50 tu. Nimeongeza kilo moja na nusu, safari hii isiyo na gozi, kwa shilingi 18,000.

Jumapili, 1 Septemba: Imefurika jikoni

Nilikaanga asubuhi robo kilo, ikaalika mara mbili kama inavyotakiwa, nikaipoza, nikaitwanga papo hapo kwa furaha na saa nne nikaichemsha. Maji lita moja yalikuwa yanatokota, nikamimina gramu 60 za kahawa. Ikapanda kama maziwa. Kabla sijashika kitambaa povu lilikuwa limemwagika juu ya makaa, jiko limezimika nusu, uani pote majivu.

Babu alikuwa anasikia tu. Akauliza, "Umeikaanga lini?" Nikamwambia asubuhi. "Haijapumua."

Kahawa iliyokaangwa inashika hewa nyingi ndani yake, ileile hewa ya kwenye soda, na huitoa kwa siku kadhaa. Ukiitwanga na kuitia maji ya moto ikiwa bado imejaa hewa, hewa yote inatoka kwa mkupuo. Mbali na kufurika, maji hayaingii vizuri ndani ya chembe, kwa hiyo kile kidogo kilichosalia kilikuwa chepesi chenye ukali wa ajabu. Babu huiacha punje nzima usiku mmoja au mbili kwenye chombo kilichofunikwa kwa kitambaa, bila kukazwa kifuniko. Huitwanga siku ya kuitumia tu. Hapa Tanga ubaya wa kuitwanga mapema ni mkubwa zaidi kwa sababu ya unyevu wa bahari: unga wa kahawa ukikaa wazi siku mbili unaanza kushikamana na harufu imeshaondoka.

Alinifundisha pia namna ya kutia. Maji yakishatokota, epua chombo kwanza. Tia kahawa, koroga, irudi motoni. Ikipanda, epua, ishuke. Mara tatu hivyo. Halafu iweke pembeni dakika kumi, nyunyiza maji baridi vijiko viwili juu yake, na machicha yanazama. Ndipo unaimimina kwenye dele polepole, ukiacha ya chini. Makaa ya chini ya dele ni ya kuiweka moto tu. Yakiwa mengi kahawa inaendelea kutokota na baada ya nusu saa inakuwa na ukali wa kushika ulimi.

Niliuliza jinsi alivyokuwa anaizuia isitokote siku nzima barabarani. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akanionyesha kiganja. Katikati ya kidole cha kati na cha pete kuna ngozi ngumu, laini kama ukucha. Alikuwa akigusa chini ya mkono wa dele kila hatua chache kuona joto lake. Nimelijua dele lile tangu utoto, kiganja hicho sikuwahi kukitazama.

Jumamosi, 14 Septemba: Jaribio la mwisho na vipimo

Robo kilo niliikaanga Alhamisi, nikaitwanga leo. Dakika thelathini kwa mchi. Haikufurika.

Kosa la leo ni la iliki. Nilikuwa nimesikia kuwa iliki ikikaangwa kidogo inanukia, nikaitupia kikaangoni pamoja na buni tangu mwanzo siku ile ya Alhamisi. Punje za iliki zilikuwa nyeusi kabla buni haijaalika. Nilizitoa moja moja kwa mkono, lakini moshi wake ulikuwa umeshaingia, na kikombe kilikuwa na uchungu wa dawa. Iliki inaingia kinuni, siyo kikaangoni: punje kumi na maganda yake kwa kila robo kilo, zitwangwe pamoja na konzi la mwisho. Tangawizi kavu kipande cha urefu wa kiungo kimoja cha kidole, iliyopondwa, inatiwa kwenye maji yanapoanza kuchemka.

Vipimo vya wageni nilivipiga leo na babu akavikubali. Vikombe vyetu vinachukua karibu mililita 60 vikijazwa kwa adabu, yaani siyo mpaka ukingoni. Watu arobaini, vikombe viwili kila mmoja, ni lita 4.8. Machicha yanashika maji, na mvuke unachukua yake, kwa hiyo natia lita sita na nusu. Kwa gramu 60 kila lita inakuja gramu 390 za kahawa iliyokaangwa. Makaango mawili ya robo kilo yanatoa kama 405. Sitakaanga nusu kilo kwa mpigo: kikaango kikijaa, za chini zinapita na za juu hazijafika, na milio inachanganyika hata husikii ya kwanza imekwisha wapi.

Alhamisi, 19 Septemba: Makaango mawili

Babu leo hakukaa uani. Aliwekewa kiti barazani, mbele ya nyumba, na rafiki yake mmoja wa siku za dele. Kati yetu palikuwa na ukumbi mzima na milango miwili iliyo wazi.

Kaango la kwanza lilialika dakika ya kumi na mbili. Kimya kikaja, nikatoa makaa mawili. Mlio wa pili ulipoanza nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, nikaepua na kumimina. Nilikuwa nimeshika kipepeo nilipomsikia babu kutoka barazani: "Toa!"

Nikaitikia, "Imeshatoka, Babu."

Kimya kidogo. Halafu nikamsikia akimwambia rafiki yake, "Harufu imenifikia imechelewa. Yuko mbele yangu."

La pili lilikuwa na haraka zaidi kwa sababu chuma kilikuwa kimeshashika moto. Lilialika dakika ya tisa. Anayekaanga mara mbili mfululizo aache kikaango kipoe kidogo au aanze na makaa pungufu. Mimi nilipunguza makaa matatu katikati na likatulia. Gramu 203 na 202. Zote zimelala kwenye bakuli la udongo, kitambaa juu.

Jumamosi, 21 Septemba: Maulidi

Nilianza kutwanga baada ya sala ya adhuhuri. Mdogo wangu alishika chekeche. Ilinichukua saa moja kasoro dakika tano kwa zote mbili.

Kisomo kilianza baada ya isha. Niliweka maji motoni waliposimama kwa kiyamu, kama babu alivyoelekeza, ili kahawa iwe imetua watu wanapokaa kula halua. Nilichemsha kwa masufuria mawili, moja baada ya jingine, na hapo nililipia kosa dogo: la pili sikulipatia dakika zake kumi, wageni walikuwa wengi, nikalimimina baada ya tano. Vikombe vya mwisho vilikuwa na machicha chini. Wazee waliviacha na tone la kumalizia, kama wanavyofanya wenye kuzoea, na hakuna aliyesema neno. Safari nyingine la pili litaanza mapema.

Walikuja watu arobaini na sita. Kahawa iliwatosha vikombe viwili isipokuwa vijana waliokaa nje, waliopata kimoja kimoja.

Babu nilimpa wa kwanza kabisa, kutoka sufuria la kwanza. Alikishika kikombe kwa vidole vitatu, akakinusa kwa muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kuhangaika na sinia mkononi. Alikunywa. Alikirudisha kikiwa kitupu, hakukiweka chini. Alikishikilia mbele yake vilevile, kimeinuliwa, mpaka nilipoelewa na kukijaza tena.

Jumapili, 22 Septemba: Hesabu

Buni kwa jumla shilingi 27,000. Mkaa mara sita, 6,000. Iliki 5,000, tangawizi 1,000, chekeche 4,000. Jumla 43,000. Kati ya hizo, buni iliyopotea kwa kuunguza, kukausha na kitunguu ni robo tatu ya kilo, yaani karibu kila kilichotoka katika ununuzi wa kwanza. Anayeanza na vipimo hivi, kinu kisicho cha viungo na kikaango kizito, anaweza kuwanywesha watu arobaini kwa buni ya nusu kilo.

Imebaki buni gramu 550. Robo kilo moja ni ya baraza ya babu Ijumaa ijayo, ameshawaambia rafiki zake. Nitaikaanga Jumatano jioni upepo ukishatulia, na mdogo wangu ameomba akoroge yeye. Babu amemwambia akubali kwanza kufumba macho.